Ukiulizwa "za nyumbani?" na nyumbani si kwema, unajibu nini?

#1 MgeniWaMtumba

Wakuu, habari zenu. (Ndiyo, najua, nimeanza nalo lenyewe.)

Nimehamia Dodoma kikazi, nakaa Nkuhungu, ofisi iko Mji wa Serikali kule Mtumba. Mwezi uliopita mwanangu wa mwisho alilazwa, nimonia. Mama yake analala naye wodini, mimi nabaki na wakubwa, asubuhi napitisha uji hospitali halafu ndiyo nawahi basi la kazini. Nikifika tu mlangoni yanaanza. "Habari za asubuhi?" Nzuri. "Za nyumbani?" Nzuri. "Watoto hawajambo?" Hawajambo. Mtoto ana sindano ya dripu mkononi, mimi nasema hawajambo.

Mtoto katoka, anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Lakini mkuu wangu wa kitengo akaja kusikia habari hiyo kwa mtu mwingine. Akanijia juu: "Kila siku nakuuliza za nyumbani unaniambia nzuri. Sisi si watu kwako?"

Upande wa pili, ofisini tuna jamaa ambaye ukimuuliza "umeamkaje" anakueleza alivyoamka. Goti, mwenye nyumba, maji yamekatika, shemeji kaja na hajasema anaondoka lini. Watu wakimwona getini wanaweka simu sikioni hata kama haijaita.

Sasa naomba mnisaidie. Kama watu hawataki kujua, kwa nini wanauliza? Kama wanataka, mbona yule jamaa anakimbiwa? Na mtu ajibuje bila kuwa mwongo wala kero?

#2 boda_wa_sabasaba

Poa. Uzi ufungwe.

#3 Mkikuyu_Asilia

Mkuu, huo unaitwa unafiki wa mjini. Mimi ni wa hapa hapa Dodoma, Kikuyu. Salamu za hapa hazikuwa hivyo. Tangu Serikali ianze kuhamia kwa kasi 2016 mji umejaa watu wa haraka, mtu anakuuliza habari huku mgongo umeshakugeukia. Nenda kijijini uone Mgogo anavyosalimia. Atakuuliza mke, watoto mmoja mmoja, ng'ombe, mbuzi, shamba, mvua huko kwenu, wazee. Anauliza kwa sababu anataka kujua. Mjini wanauliza ili waonekane wameuliza.

#4 Mama_Mvumi

Mkikuyu mwanangu, umesema nusu. Mimi nimezaliwa Mvumi na nimeolewa Chamwino, salamu hizo nimezisalimia tangu utoto. Ni kweli zinaulizwa zote, na mtu ukizikatisha unaonekana huna adabu. Lakini je, unakumbuka zinavyojibiwa? Mke je? Mzima. Watoto je? Wazima. Ng'ombe? Wazima. Shamba? Zuri. Hata kama ng'ombe wawili wamekufa wiki ile na shamba limekaushwa na jua, linajibiwa hivyo hivyo mpaka salamu ziishe.

Nitakupa mfano. Baba yangu mdogo alikuja kwetu asubuhi moja kutokea kijiji cha pili. Akabisha, "Mbukwenyi." Akajibiwa. Zikaenda zote, za kwake na za kwetu, kila kitu kizima. Akaletewa kigoda, akakaa, akaletewa maji, akanywa. Ndipo bibi akamwambia, "Haya, tuambie za huko." Hapo ndipo akasema amekuja kutoa taarifa ya msiba wa shangazi. Hakuna aliyemwambia ulidanganya mlangoni. Angetamka msiba huku amesimama na salamu hazijaisha, angetushtua vibaya, na wazee wangemsema.

Kwa hiyo salamu ndefu nayo ni salamu tu. Ni hodi. Habari yenyewe ina mahali pake, baada ya kukaa. Tofauti ya kijijini na ofisini kwa huyu mgeni wetu sijaona kama ni unafiki. Naona ofisini hakuna kigoda. Ukishasema "nzuri" unafunguliwa faili, na ile "haya, tuambie" haiji kamwe.

#5 boda_wa_sabasaba

Mama umeua. "Ofisini hakuna kigoda."

#6 ChalkNaUbao

Nimefundisha Kiswahili sekondari mpaka nikastaafu, na baada ya kustaafu nimekuwa nikisoma sana mambo ya mazungumzo. Mama Mvumi kasema jambo ambalo wasomi walilizungukia miaka mingi.

Malinowski, yule aliyekaa na watu wa visiwa vya Trobriand, aliandika 1923 kwamba kuna maneno tunayosema si kwa ajili ya kupashana habari bali kuondoa ule ukimya wa watu wawili wanapokutana. Ukimya wa mtu usiyemjua vizuri unatisha kidogo. Hujui kama ana neno na wewe. Akisema "za asubuhi", umejua hana. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza: anauliza ili ujue kuwa mko sawa, nawe ukijibu anajua hivyo hivyo. Ukitaka kuhakikisha, jaribu kumpita jirani bila kumsalimia. Hatasema "hakuniuliza hali yangu." Atasema "ana nini na mimi?"

Lakini linalokuhusu wewe zaidi ni la Harvey Sacks, Mmarekani, makala yake ya 1975. Alisema hivi kwa ufupi: swali la "habari yako" linaweza kuulizwa na mtu yeyote, ila shida zako si za kila mtu. Kuna za kumwambia mkeo, kuna za kumwambia ndugu, kuna za kumwambia mtu wa kazini, na muuza nyanya wa Majengo hana haki ya hata moja, ingawa naye kakuuliza. Ukijibu ukweli, lazima atauliza "kuna nini?", na hapo utalazimika kumweleza mtu ambaye hukutaka kumweleza. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo unamtazama aliyeuliza, unapima, halafu unachagua jibu linalomfaa. Sacks alifika mpaka kusema kwamba kwa mpangilio huo kila mtu analazimika kudanganya, na alikuwa halaumu mtu.

Sasa mleta uzi, nina ombi. Kabla hatujakupa dawa, tuandikie mazungumzo yako na huyo mkuu wako, siku yoyote mtoto akiwa wodini. Si kwa kifupi. Neno kwa neno, alisema nini, ulisema nini, alikuwa amesimama wapi.

#7 Zuberi_Area_D

Samahani naomba kuuliza hapa hapa maana naona kuna wazee. Kuna binti kazini ananipa shikamoo, na tumepishana miaka mitatu tu. Niitikie marahaba au nikatae? Nikiitikia naonekana mzee, nisipoitikia naonekana nina nia nyingine.

#8 boda_wa_sabasaba

Na nia unayo.

#9 Mama_Mvumi

Zuberi, ukipewa shikamoo itikia marahaba, mengine yasubiri. Salamu haiachwi hewani.

#10 MgeniWaMtumba

Mwalimu, nimejaribu kukumbuka. Ilikuwa Jumanne, siku ya pili mtoto yuko wodini. Mkuu alikuwa mlangoni kwangu, mkono kwenye kitasa, ana karatasi mkono wa pili.

Yeye: Habari za asubuhi, ndugu.
Mimi: Nzuri, shikamoo bosi.
Yeye: Marahaba. Za nyumbani?
Mimi: Nzuri... nzuri kiasi.
Yeye: Kiasi?
Mimi: Aah, tupo bosi. Tupo.
Yeye: Haya. Ile taarifa ya robo mwaka iko wapi?

Hivyo tu. Siku nyingine zilikuwa "nzuri" kavu. Sasa mtu ana mkono kwenye kitasa, nimwambie mtoto kalazwa?

#11 ChalkNaUbao

Asante. Hapo umetuwekea kila kitu mezani.

Tazama mstari wa nne. Ulianza "nzuri", ukasita, ukasema "nzuri kiasi". Kuna mama mmoja, Gail Jefferson, alisikiliza mazungumzo mengi ya watu yaliyorekodiwa, na mwaka 1980 akaandika kuhusu majibu ya aina hiyo. Mtu mwenye shida mara nyingi hasemi "nina shida", wala hasemi "nzuri" iliyonyooka. Anatoa jibu lililopungua kidogo. Kwa Kiswahili tunayo mengi: nzuri kiasi, sijambo kidogo, hivyo hivyo tu, tupo tupo, tunasukuma siku. Uzuri wa jibu hilo ni kwamba linamwachia mwenzako achague. Akitaka, atalidaka. Asipotaka au akiwa na haraka, atalipita kama hakulisikia, na hakuna aliyeaibika. Hukumtwisha mzigo, wala hukumdanganya.

Sasa tazama mstari wa tano. Mkuu wako alilidaka. "Kiasi?" Neno moja, tena ni neno lako mwenyewe alilokurudishia. Ile haikuwa salamu tena. Salamu ilikuwa "za nyumbani". Hii ya pili ndiyo "haya, tuambie" ya Mama Mvumi, ofisini inakuja kwa sura hiyo: fupi, na inakuja mara moja. Ukasema "tupo, tupo". Ukafunga. Yeye akaheshimu, akaenda kwenye taarifa ya robo mwaka.

Ndiyo maana kakujia juu. Anakumbuka alikuuliza mara mbili, hata kama hawezi kueleza hivyo.

#12 MgeniWaMtumba

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapo sikubali yote. Mtu anayetaka kujua haulizi akiwa ameshika kitasa. Na ile "kiasi?" ukisikia alivyoitamka ilikuwa kama mzaha. Halafu ni bosi. Nikimwambia mtoto kalazwa, kesho nikichelewa ataona natafuta kisingizio.

#13 ChalkNaUbao

Sauti sikuisikia, na sauti ina uzito kuliko neno, hapo umenishinda. Kama alicheka, basi ni mzaha. Ila alama za swali la kweli huwa zinakuja kwa pamoja, usiangalie moja. Anarudia neno lako. Ananyamaza baada ya kuuliza badala ya kuingia mada nyingine. Anaita jina lako. Anataja kitu mahususi, si "nyumbani" bali "yule mdogo kikohozi kimeisha?" Na mwili: ameacha alichokuwa anafanya, au anaendelea nacho. Kwa maelezo yako huyu alirudia neno, ila mkono ulibaki kwenye kitasa. Mlango uko nusu wazi. Mlango wa nusu unastahili jibu la nusu.

#14 Sista_Makole

Mimi ni muuguzi. Hili la "nzuri" kwetu si la kujadili kwa starehe, linaweza kumponza mtu.

Mgonjwa anaingia chumba cha daktari. "Habari yako mama?" "Nzuri." "Karibu ukae, una tatizo gani?" "Kifua kinanibana tangu juzi, napumua kwa shida." Mnaona? Mtu anapumua kwa shida na amesema nzuri. Wala hakukosea, alisalimiwa akaitikia salamu. Hapo hakuna tabu kwa sababu daktari aliuliza swali la pili.

Tabu iko wodini, wakati wa kupita vitanda asubuhi. Kijana aliyetoka chuo anafika kitandani: "Umeamkaje baba?" "Salama." Anaandika mgonjwa anaendelea vizuri, anasogea kitanda kinachofuata. Baba wa watu amebaki na maumivu yake, anashangaa mbona wamemsalimia tu wakaondoka. Kijana alidhani amefanya uchunguzi, mzee alidhani ni salamu. Maneno ni yale yale mawili.

Ninachowafundisha ni kutenganisha. Salimia kwanza, salamu kamili, shikamoo kama ni mkubwa, subiri ijibiwe. Halafu nyamaza kidogo, sogea karibu, na uliza kitu ambacho hakijibiki kwa "nzuri". Usiku umelala mpaka saa ngapi? Maumivu yamepungua au yako palepale? Jana jioni umekula nini? Ukiuliza "umekula nini" mtu hawezi kukuambia "salama". Ataanza kusema sikula, kila nikimeza naumia, na hapo ndipo kazi inaanza.

Na nyumbani natumia hivyo hivyo. Mdogo wangu yuko Udom, kila nikimpigia ni "poa dada, poa". Siku nikamuuliza tu, "Jana ulikula wapi?" Kimya. Kumbe bumu lilichelewa, alikuwa anakula mara moja kwa siku.

#15 Mkikuyu_Asilia

Sista hilo nimelichukua. Na Mama Mvumi nakubali zinajibiwa "mzima" zote, nilikuwa nimesahau upande wa majibu. Lakini bado nasema mjini ile sehemu ya baada ya salamu imekufa. Nani anakuletea maji siku hizi?

#16 Mama_Mvumi

Hapo tuko pamoja.

#17 FundiFriji_Ipagala

Mimi kero yangu ni ya WhatsApp. Kuna mteja, mtu mzima kabisa, ananitumia "Habari". Najibu "Nzuri, za kwako?" Ananyamaza. Baada ya saa mbili, "Nzuri." Ananyamaza tena. Mimi nimeacha friji la watu wazi nasubiri shida yake. Jioni ndiyo anasema gesi imeisha.

#18 ChalkNaUbao

Fundi, huyo anasalimia kwa maandishi kama anavyosalimia mlangoni. Uso kwa uso ile "habari, nzuri, za kwako, nzuri" inachukua sekunde tatu. Kwenye simu ya kupiga pia inakwenda haraka, ndiyo maana tunaifanya hata mtu akiwa ameishiwa vocha. Kwenye maandishi kila hatua inasubiri mtu ashike simu. Wewe usisubiri, maliza zote kwa mkupuo mmoja: "Nzuri, na kwako natumaini kwema. Nikusaidie nini leo, ni friji lile lile?" Umeitikia, umerudisha salamu, na umempa kigoda. Yeye naye angefanya vyema akiandika salamu na shida kwenye ujumbe mmoja.

#19 Kibaigwa_Gunia

Akikwambia "habari za siku nyingi" na hamkuwahi kuwa na siku nyingi, jua anakopa.

#20 Zuberi_Area_D

Hii ni kweli tupu. "Kimya sana kaka, za masiku?" Elfu hamsini hiyo.

#21 Kibaigwa_Gunia

Mimi huwa najibu "mbaya sana, nilikuwa nakutafuta wewe". Anakata simu mwenyewe.

#22 Mlokole_wa_Chang'ombe

Naona mwalimu hakuliweka "namshukuru Mungu" kwenye orodha yake. Liko wapi? Mimi ndilo jibu langu, na nalisema siku njema na siku mbaya. Sidanganyi, maana kwa vyovyote vile namshukuru.

#23 Sista_Makole

Mtumishi, shida yake ndiyo hiyo, kwako haliwezi kusomeka. Kuna wanaolisema kwa furaha na kuna wanaolisema huku wanaangalia chini. Anayekufahamu atatofautisha, asiyekufahamu atapita nalo kama "nzuri". Ukitaka tusome, tuongezee kidogo: "namshukuru Mungu, ila wiki hii imekuwa nzito."

#24 Mlokole_wa_Chang'ombe

Na kama sitaki msome?

#25 Sista_Makole

Basi umelipata jibu zuri kuliko sisi wote.

#26 GotiLangu

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Mimi si yule jamaa wa ofisini kwa mleta uzi, ila ni wa aina yake. Naomba niseme upande wetu.

Nimehamishiwa hapa peke yangu, familia iko Mbeya. Nikirudi jioni ni mimi na redio. Kuna siku mlinzi wa getini ndiye mtu wa kwanza na wa mwisho kuniuliza naendeleaje. Mnaposema "salamu si swali" mnasema kweli, lakini mwenye nyumba iliyojaa watu anaweza kusema hivyo kwa urahisi. Mtu ambaye hana pa kuyasemea atayasema palipo na mdomo wa kuuliza. Najua wanaweka simu masikioni. Huwa naona.

#27 Mama_Mvumi

Baba, pole sana. Hili halikuwa limesemwa.

Nikushauri kama mama. Habari zako si tatizo, tatizo ni mahali unapozitolea. Getini asubuhi kila mtu anakimbizana na saa ya kusaini, hata anayekupenda hawezi kukusikiliza. Pale toa kitu kimoja, kifupi, na uweke ahadi: "Nzuri ndugu yangu, ila goti limenikesha. Saa nne tukinywa chai nikusimulie." Atakayekuja kwenye chai ndiye wako. Asiyekuja hujampoteza, ni mtu wa salamu tu, na watu wa salamu nao tunawahitaji. Usiwageuze wote kuwa ndugu kwa lazima, na usiwakose wale wawili watatu ambao wangekuwa ndugu kwa sababu uliwachosha getini.

Na wewe uwe unauliza. Ukishasema la goti, muulize la kwake, umwache aseme. Anayesimulia tu bila kuuliza ndiye anayekimbiwa, kuliko anayesimulia marefu.

#28 GotiLangu

Shukrani mama. La kuuliza kweli huwa silikumbuki.

#29 boda_wa_sabasaba

GotiLangu uko kata gani? Mimi kijiwe changu Sabasaba, jioni kuna bao na kahawa. Pale hata goti tunalisikiliza, mradi usicheze polepole.

#30 MgeniWaMtumba

Uzi umekwenda mbali kuliko nilivyotarajia, asanteni. Sasa nirudishwe kwenye mambo ya kitasa. Tuseme ni Jumanne ile tena, bosi yuko mlangoni, kasema "kiasi?" Ninasema nini? Nataka maneno.

#31 ChalkNaUbao

Ningesema: "Mdogo amelazwa tangu jana, nimonia, ila ameshaanza dawa na mama yake yuko naye. Taarifa ya robo mwaka nakuletea saa sita."

Ona yaliyomo. Jambo lenyewe, kwa sentensi moja bila kuzunguka. Hali ilipofikia, ili asibaki na hofu ya kuuliza. Nani anahusika, ili ajue kama anahitajika au la. Halafu umemtoa mwenyewe kwenye mada kwa kumrudisha kwenye kazi. Akitaka kubaki, atabaki, atauliza hospitali gani. Akitaka kwenda, umemfungulia njia, atasema "pole sana" na ataondoka bila kujiona katili. Yote hayo yanasemwa kabla mkono haujatoka kwenye kitasa. Na kuhusu kisingizio: ukishasema Jumanne, kuchelewa kwa Jumatano kunaeleweka. Ukikaa kimya na kusema Jumatano baada ya kuchelewa, hapo ndipo kinaonekana kisingizio.

#32 Sista_Makole

Naongeza moja. Akisema "pole", itikia "asante, nimeshapoa" na mwishie hapo. Watu wengi wakipewa pole ndiyo wanaanza historia toka homa ya kwanza. Pole inakamilisha, kama anataka zaidi ataomba.

#33 Mkikuyu_Asilia

Mimi bado namtetea mleta uzi. Bosi si ndugu. Huyo Sacks wa mwalimu kasema mwenyewe, shida si za kila mtu. Mtu ana haki ya kusema "nzuri" kwa bosi wake na mtoto akiwa wodini, na bosi hana haki ya kununa. Mbona hakununa kwa kuwa hamjui jina hata mtoto mmoja?

#34 Mama_Mvumi

Haki anayo. Lakini Mkikuyu, kwetu mtoto akilazwa watu wanakuja na uji. Ukificha, umewanyima nafasi ya kuja. Mkuu wake labda alinuna kwa hilo, kwamba ofisi nzima haikwenda kumwona mtoto, na yeye ndiye mkubwa wao. Aibu imemwangukia yeye.

#35 Mkikuyu_Asilia

Na asiyetaka ofisi nzima ije wodini na picha za simu?

#36 Mama_Mvumi

Huyo aseme mtoto anaumwa, na aseme hospitali hawaruhusu wageni. Hapo uongo nauruhusu mimi.

#37 MgeniWaMtumba

Mama, kwa kweli la aibu kumwangukia yeye sikuwa nimelifikiria. Leo asubuhi kaniuliza tena "za nyumbani?", nikasema "nzuri bosi, mdogo jana kaanza kucheza mpira uani." Kasimama. Kaniuliza anaitwa nani. Hatujazungumza lile la kununa na sidhani kama nitalianzisha.

#38 FundiFriji_Ipagala

Wakuu yule mteja kaandika tena "Habari" sasa hivi. Nimemjibu vile mwalimu alivyosema, yote kwa mkupuo. Kaweka alama ya tiki mbili za bluu. Kimya.

#39 Kibaigwa_Gunia

Huyo gesi haijaisha. Huyo anakopa.